Faida ya Mtaji Imepanda: Nani Kaipandisha?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na vijana mliojazana kule nyuma. Mada mmeichagua wenyewe: faida juu ya mtaji. Nitaizungumza kwa kupitia duka moja tu la vifaa vya ujenzi hapa Chake Chake, lenye wabia wanne. Duka lenyewe ni la mfano na namba zake nimezipanga mimi ili zigawike bila taabu, kwa hivyo asije mtu akaanza kukisia kuwa ni la fulani. Mwendo wake lakini nauona kila mwaka katika vitabu ninavyovifunga, na naamini baadhi yenu mtautambua.

Duka linauza saruji, mabati, nondo, rangi na misumari. Mwaka wa kwanza liliuza bidhaa za shilingi milioni 1,000. Baada ya kutoa gharama zote ikabaki faida ya milioni 80. Kodi leo tuiweke kando, maana ingetujazia ubao bila ya kubadilisha hoja. Siku ya kufunga hesabu wabia walikuwa na mtaji wa milioni 400 ndani ya duka. Gawa 80 kwa 400, unapata asilimia 20. Kila shilingi 100 ya wabia imewaletea shilingi 20 kwa mwaka.

Miaka miwili baadaye mauzo yamefika milioni 1,200. Faida ni milioni 72 na mtaji wa wabia ni milioni 320. Gawa tena: asilimia 22.5.

Kikao cha wabia kikafurahi. Mauzo yamepanda, na faida juu ya mtaji imepanda kutoka 20 mpaka 22.5. Mmoja wao akasema kwa kuwa biashara imezidi kuwa nzuri, wafungue tawi Wete. Sasa nataka tuifungue hiyo asilimia 22.5 tuone ndani yake mna nini, kabla hatujaenda Wete.

Njia ya kuifungua si yangu. Ilianzia Marekani katika miaka ya 1910, kwenye kampuni ya DuPont, ambayo wakati huo ilikuwa ikijulikana zaidi kwa baruti. Kijana wao mmoja, Donaldson Brown, aliyesomea uhandisi wa umeme na kuingia pale kama muuzaji, ndiye aliyeonesha kuwa faida inayopatikana kutokana na mali ya kampuni ni zao la vitu viwili: faida unayobakiza katika kila shilingi unayouza, na mara ngapi mali yako inageuka kuwa mauzo kwa mwaka. Baadaye alihamia General Motors, baada ya DuPont kununua hisa nyingi huko, akaenda na hesabu yake. Kipande cha tatu, cha deni, kiliongezwa na watu wengine baadaye, na hicho ndicho kitakachotushughulisha zaidi leo.

Ubaoni inasomeka hivi:

faida ÷ mtaji = (faida ÷ mauzo) × (mauzo ÷ mali) × (mali ÷ mtaji)

Mwanafunzi yeyote wa darasa la sita ataona kuwa mauzo yanakatana na mauzo, mali inakatana na mali, na inabaki faida kwa mtaji. Hakuna uchawi. Lakini vile vipande vitatu vinasimamiwa na watu tofauti dukani. Cha kwanza ni cha anayepanga bei na kubana gharama. Cha pili ni cha mwenye funguo za ghala na mwenye daftari la madeni. Cha tatu ni cha anayetia saini za mikopo. Kwa hivyo mkipata asilimia moja ya jumla mnakuwa hamjui mumsifu nani.

Ili tugawe tunahitaji namba moja zaidi, nayo ni mali yote ya duka: bidhaa za ghalani, fedha wanazodaiwa wateja, gari, jengo, na fedha taslimu. Mwaka wa kwanza jumla yake ilikuwa milioni 500. Mwaka wa tatu, milioni 800.

Mwaka wa kwanza basi: faida katika mauzo, 80 kwa 1,000, ni asilimia 8. Mzunguko wa mali, 1,000 kwa 500, ni mara 2. Mali kwa mtaji, 500 kwa 400, ni 1.25. Zidisha 8 kwa 2 kwa 1.25, inarudi 20.

Mwaka wa tatu: faida katika mauzo, 72 kwa 1,200, ni asilimia 6. Mzunguko, 1,200 kwa 800, ni mara 1.5. Mali kwa mtaji, 800 kwa 320, ni 2.5. Zidisha 6 kwa 1.5 kwa 2.5, unapata 22.5.

Itazameni hiyo. Faida katika kila shilingi ya mauzo imeshuka. Mzunguko umeshuka. Kilichopanda ni kimoja tu, nacho kimepanda maradufu: mali wanayoiendesha kwa kila shilingi yao imetoka 1.25 ikafika 2.5. Sehemu iliyozidi mtaji wao ni ya watu wengine. Mwaka wa kwanza duka lilikuwa na deni la milioni 100. Mwaka wa tatu lina milioni 480. Kama deni lingebaki kwa uwiano ule wa zamani, 6 kwa 1.5 kwa 1.25, wabia wangeona asilimia 11.25, na nadhani pasingekuwa na mtu wa kuzungumzia tawi.

Mhasibu mvivu angeishia hapo, akafunga daftari na kusema duka limeharibika, bei zimeshuka, mali haitembei, deni limewafunika. Theluthi mbili ya maneno hayo ni kweli, moja si kweli, na hiyo moja ina gharama kubwa ukiifuata. Tuingie ndani kidogo.

Hilo deni la milioni 480 lina sehemu mbili. Milioni 280 ni mali kauli: wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam na Unguja wanapakia mabati na nondo, mzigo unafika, na malipo yanafuata baada ya kuuza. Hawatozi kitu juu yake, angalau si kwa waziwazi. Milioni 200 zilizobaki ni murabaha ya benki. Wengi wenu mnaijua inavyokwenda: benki haikupi fedha mkononi, inanunua saruji, inakuuzia kwa bei iliyoongezwa, nawe unalipa kwa mafungu. Ongezeko la mwaka huo lilikuwa milioni 24, sawa na asilimia 12 ya deni.

Najua hapa patakuwa na anayetaka kusema kuwa murabaha si mkopo wa riba. Katika fiqhi mna haki, na mimi si wa kuwafundisha hilo mashekhe waliomo humu. Katika mizania lakini ni kiasi mnachodaiwa kwa tarehe inayojulikana, mauzo yawe mazuri au mabaya, kwa hiyo kipande cha tatu kinaihesabu kama deni lolote jengine. Mudharaba au musharaka ni habari nyengine, maana yule anayetoa fedha anashiriki na wewe hasara. Huyo yuko karibu zaidi na upande wa mtaji.

Sasa rudisheni ile milioni 24 juu ya faida. Sabini na mbili na ishirini na nne ni tisini na sita. Hiyo milioni 96 ndiyo faida ambayo duka limeitengeneza kwa kuuza, kabla ya kumlipa aliyetoa fedha. Igawe kwa mauzo ya 1,200: asilimia 8. Kamili ile ile ya mwaka wa kwanza, wakati duka halikuwa na deni la benki hata moja.

Maana yake ni kuwa bei hazikuharibika. Gharama za kuendesha duka hazikuharibika. Yule anayepanga bei hana kosa hata chembe, na kama kikao kingemwambia apandishe bei ya saruji ili kurejesha asilimia 8, angepandisha kitu kisichoumwa na kupoteza wateja. Asilimia 2 zilizopotea zimekwenda benki. Kwa hivyo kile kipande cha kwanza, kama tulivyokiandika ubaoni, kinachanganya mambo mawili, mwendo wa biashara na gharama ya deni, na ndiyo maana watu wa kazi hii hukigawa tena: faida kabla ya gharama za deni kwa mauzo, halafu sehemu ya faida hiyo iliyobaki baada ya kuzilipa. Kwetu hapa 72 kwa 96 ni robo tatu. Robo ya kazi yote ya duka imekwenda kumlipa mwenye fedha.

Hapo hapo kuna mtego ambao nauona zaidi kwa wateja wangu wa Pemba kuliko mahali pengine. Karani wa hesabu mara nyingi huingiza ile bei ya murabaha nzima kama bei ya kununulia saruji, pamoja na ongezeko lake. Kwenye vitabu basi hakuna mstari wa gharama za deni kabisa. Ongezeko limelala ndani ya gharama ya bidhaa, na duka linaonekana kama linanunua ghali au linauza rahisi. Ukiona faida ghafi imeshuka katika mwaka ule ule mlioanza murabaha, kabla ya kumlaumu yeyote chukueni mkataba wa benki, tazameni bei ya taslimu na bei ya kuuziwa, muitoe ile tofauti na kuiandika peke yake.

Basi kama bei hazina ugonjwa, ugonjwa uko kwenye mzunguko. Hapo ndipo pa kukaa.

Mali imeongezeka kwa milioni 300. Nimeipanga hivi: mwaka wa kwanza ghalani kulikuwa na bidhaa za milioni 200, wateja wakidaiwa milioni 100, na gari, jengo na fedha taslimu milioni 200. Mwaka wa tatu bidhaa za ghalani ni milioni 330, wateja wanadaiwa milioni 250, na vile vyengine milioni 220. Mnaona wenyewe kuwa gari na jengo havikuhusika. Hawakujenga wala kununua kitu cha maana.

Wateja kwanza. Milioni 100 katika mauzo ya milioni 1,000 ni sawa na mauzo ya siku 36 hivi. Milioni 250 katika mauzo ya milioni 1,200 ni siku 76. Mauzo yamepanda kwa asilimia 20, deni la wateja limepanda kwa asilimia 150. Yaani sehemu ya hayo mauzo mapya imenunuliwa kwa kuwapa watu muda. Mjenzi anachukua mabati leo, anasema atalipa karafuu zikiuzwa, na kwa kuwa karafuu hazizai sawasawa kila mwaka, anaweza kukuambia maneno hayo hayo mwakani kwa nia safi kabisa.

Ghalani sasa. Tuseme katika kila shilingi 100 ya mauzo, 80 ni gharama ya bidhaa yenyewe. Basi mwaka wa kwanza ghala lilikuwa na bidhaa za kutosha siku 91, mwaka wa tatu siku 125. Mkienda nayo mkononi orodha ya ghala mtaona kilichoongezeka ni nini, na kwa kawaida si saruji. Saruji haikai, na ikikaa na unyevu wetu huu inaganda. Kinachododa ni rangi za kila aina, vigae vya mtindo uliopita, vitasa vilivyoletwa kwa sababu muuzaji wa jumla alitoa punguzo. Hapo anayehesabu mzunguko wa duka zima kwa pamoja hatagundua kitu, inabidi auhesabu kwa kila kundi la bidhaa.

Sasa fanyeni hesabu moja nami. Kama duka lingebaki na mzunguko wake wa mara 2, mauzo ya milioni 1,200 yangehitaji mali ya kiasi gani? Milioni 600. Lina milioni 800. Ziada ni milioni 200.

Na deni la benki ni kiasi gani?

Naona baadhi yenu mmeshafika. Murabaha yote, shilingi kwa shilingi, imekwenda kugharamia bidhaa zilizododa na wateja wasiolipa.  Kama wangekusanya madeni na kusafisha ghala mpaka wakafikia mzunguko wa zamani bila ya kupoteza mauzo, wasingehitaji benki, ile milioni 24 ingebaki nyumbani, faida ingekuwa 96 kwa mtaji ule ule wa 320, na hiyo ni asilimia 30. Asilimia 22.5 iliyowafurahisha, kumbe ni 30 iliyovuja.

Mzee mmoja hapa mbele amenyoosha mkono tangu zamani, karibu Mzee wangu.

Ameuliza: "Mwanangu, kama deni la benki halikufanya kitu, mbona asilimia imepanda badala ya kushuka? Nani kaipandisha?"

Swali hili ndilo nililolitaka. Jibu ni kuwa deni husaidia wabia pale tu mali inapozalisha zaidi ya gharama ya deni. Duka letu mwaka wa tatu linazalisha milioni 96 kwa mali ya milioni 800, ambayo ni asilimia 12. Benki inachukua asilimia 12. Kila shilingi 100 ya benki inaleta 12 na inaondoka na 12. Wabia hawapati kitu, hawapotezi kitu, wanabeba hatari bure. Mwaka wa kwanza ingekuwa tofauti: mali ilikuwa ikizalisha 80 kwa 500, yaani asilimia 16, na murabaha ya asilimia 12 ingewaachia 4 katika kila 100. Wakati deni lilikuwa na faida hawakukopa, na walipokopa faida yake ilikuwa imeshakwisha.

Kilichopandisha asilimia ni mali kauli, Mzee. Milioni 280 za wauzaji wa jumla zinazalisha asilimia 12 kama mali nyengine yoyote, na hazitozwi. Asilimia 12 ya 280 ni milioni 33.6, na hiyo kwa mtaji wa 320 ni asilimia 10.5. Mtaji wenyewe wa wabia unazalisha 12. Kumi na mbili na kumi na nusu: ishirini na mbili na nusu. Ndiyo hiyo yote. Karibu nusu ya faida waliyoishangilia ni subira ya watu wa Dar es Salaam.

Sasa subira hiyo ikiisha? Tuseme wauzaji wa jumla wanataka fedha mzigo ukifika, na wabia, kwa kuwa ghala limejaa na wateja hawalipi, wanalazimika kuchukua murabaha nyengine kuziba pengo. Deni lote la milioni 480 linakuwa la benki, kwa asilimia 12 linagharimu milioni 57.6. Katika 96 zinabaki 38.4. Gawa kwa 320: asilimia 12. Mauzo yale yale, bei zile zile, ghala lile lile, na kipande cha tatu bado kinasoma 2.5 vile vile. Mjue basi kuwa kile kipande kinakuambia ukubwa wa deni, hakikuambii bei yake wala nani anaweza kulidai kesho. Hilo litafutwe kwenye mikataba.

Niongeze kitu juu ya mali kauli, maana nimesema haitozwi na mwanangu mmoja kule nyuma ameguna. Ana haki ya kuguna. Muuzaji wa jumla ana bei mbili, ya taslimu na ya kusubiri, hata kama anakutajia moja tu. Muulizeni: nikikupa fedha leo, bati hili kiasi gani? Tofauti ya bei hizo ndiyo gharama ya deni, nayo imelala ndani ya gharama ya bidhaa kama ile ya murabaha niliyoisema. Kuna wakati inatoka ghali kuliko benki.

Hatari yenyewe ya deni inapimika, na kipande cha tatu ndicho kipimo chake. Tuseme unakuja mwaka mbaya, karafuu zimezaa kidogo, watu hawajengi, na uzalishaji wa mali unashuka kwa pointi 4 za asilimia. Kwa duka la mwaka wa kwanza, kutoka 16 mpaka 12 kwa mali ya milioni 500, faida inakuwa milioni 60, na kwa mtaji wa 400 ni asilimia 15. Wabia wamepoteza 5. Kwa duka la mwaka wa tatu, kutoka 12 mpaka 8 kwa mali ya milioni 800, unapata milioni 64, toa 24 za benki zinabaki 40, na kwa mtaji wa 320 ni asilimia 12.5. Wamepoteza 10. Pigo ni moja, maumivu ni maradufu, kwa sababu 2.5 ni maradufu ya 1.25. Ukiuona mwaka mzuri umenyanyuliwa na kipande cha tatu, basi mwaka mbaya nao utashushwa nacho, kwa kiasi hicho hicho.

Kuna bibi hapa ameniandikia kwenye karatasi: mtaji ulikuwa 400, na kila mwaka wanapata faida, vipi umeshuka mpaka 320?

Ahsante. Mmoja wa wabia wanne alijitoa, akalipwa fungu lake la milioni 100. Mtaji ukabaki 300. Katika miaka ile miwili waliobaki waligawana karibu faida yote na kuacha milioni 20 tu dukani. Ndiyo 320. Na ni vizuri umeuliza, maana kitendo hicho peke yake kinapandisha asilimia. Chukua duka la mwaka wa kwanza, faida 80, mlipe mbia anayetoka milioni 100 kwa kuchelewesha wauzaji wa jumla, mtaji ukawa 300: 80 kwa 300 ni asilimia 26.7. Hakujauzwa hata msumari mmoja zaidi. Kampuni kubwa za nje zinazonunua hisa zao wenyewe kwa fedha za mkopo zinafanya kitu hicho hicho, na kuna ambazo mtaji wao umeliwa mpaka ukaingia chini ya sifuri. Hapo hesabu hii haina maana tena, namba yoyote itakayotoka msiisome.

Mambo mawili ya vitabu niyaseme haraka, kisha niwaachie nafasi.

La kwanza ni tarehe. Mauzo na faida ni vya mwaka mzima, mali na mtaji ni vya siku moja. Hapa Pemba mkifunga hesabu mara tu baada ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kuwalipa watu karafuu zao, wateja wamekulipeni, bidhaa za ghalani zimenunuliwa, fedha mmeshazilipia madeni, mali imekuwa ndogo na mzunguko unaonekana mzuri kuliko ulivyo. Mkifunga kabla ya msimu, mambo yanakuwa kinyume. Chukueni wastani wa mwanzo na mwisho wa mwaka, na kama mnaweza kuhesabu ghala na madeni kila mwezi, wastani wa miezi 12 ni bora zaidi. Mimi leo nimetumia siku ya mwisho ili ubao usijae.

La pili ni kazi isiyolipwa. Katika maduka yetu mbia anakaa dukani tangu asubuhi na hajiandikii mshahara, anachukua kidogo kidogo na kusema ni gawio. Tuseme wawili kati ya hawa watatu wanafanya kazi hivyo, na mngewaajiri watu wengine mngelipa milioni 24 kwa mwaka. Toa hiyo katika 72 zinabaki 48, na 48 kwa 320 ni asilimia 15. Asilimia 7.5 zilikuwa jasho lao, si faida ya mtaji wao. Jengo la urithi lisilolipiwa kodi ya pango lihesabuni vivyo hivyo. Bila ya hayo msijilinganishe na duka la Unguja linalolipa mishahara na pango, maana mtajiona hodari bure.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kulinganisha: linganisheni vipande, na vya biashara za aina moja. Muuzaji wa mchele wa jumla anaishi kwa faida nyembamba na mzunguko wa haraka. Hoteli ya ufukweni kule Nungwi ina faida nene katika kila chumba na mali inayozunguka polepole, maana jengo lote lile limesimama hapo masika na kiangazi. Benki inapata kidogo sana kwa kila shilingi ya mali na inabebwa na kipande cha tatu, ndiyo kazi yake. Wote watatu wanaweza kuandika asilimia 20 na usingejua kitu juu yao.

Swali la mwisho, kijana wa Mkoani. Anauliza tawi la Wete lifunguliwe au lisifunguliwe.

Si kwa ushahidi wa ile 22.5. Tawi ni ghala jengine na daftari jengine la madeni, na ghala na daftari ndivyo vilivyowaponyoka. Ningewaambia hivi: miezi sita ya mwanzo wauze rangi na vigae vilivyododa hata kwa bei ya kununulia, wamfuate kila mteja aliyepita siku 60, na kila shilingi inayorudi iende kupunguza murabaha, wakishakubaliana na benki kama kuna nafuu ya kulipa mapema, maana si kila mkataba unayo. Kisha wahesabu mali na mauzo upya. Mzunguko ukirudi kwenye 1.8 au 1.9, mali inazalisha asilimia 14 na zaidi kwa faida ile ile ya 8, na hapo deni la asilimia 12 litakuwa na la kuwaachia. Ukibaki 1.5, fedha yoyote watakayoikopa kwa ajili ya Wete watakuwa wanaifanyia kazi benki.

Ahsanteni. Nitakuwepo hapo nje, mwenye mizania yake aje nayo.